Nimewekwa benchi kazini baada ya likizo ya uzazi: nisaidieni na barua ya kumwomba bosi tuongee faraghani

Mama Wawili Mamboleo
Habari zenu wadau. Niko Kisumu, kwenye kampuni ya jumla inayopeleka bidhaa za dukani hadi Siaya, Busia na Homa Bay. Mimi ni afisa ununuzi. Kabla ya likizo ya uzazi mwezi wa Mei, mimi ndiye niliyekuwa nikitoa oda kwa wasambazaji na kulinganisha hesabu zao na zetu kila mwisho wa mwezi, na makarani wawili wa stoo walikuwa chini yangu. Kuna kijana aliajiriwa kwa muda anishikie nafasi. Nilirudi tarehe 4 Agosti, naye hajaondoka. Anaendelea na yote. Mimi naletewa karatasi za mizigo iliyopokelewa, nizipange kwa tarehe na kuzitia kwenye faili.

Hakuna aliyeniita kunieleza lolote. Mfumo wa oda nikiufungua, naona tu, siwezi kuandika kitu. Kikao cha Jumatatu cha mauzo na ununuzi siitwi. Nikimuuliza bosi pale mlangoni anacheka, ananiambia, "Pumzika kwanza mama, mtoto bado mdogo."

Nimeandika barua ya kumwomba tuketi wawili tuongee. Ni kurasa mbili, inaanza hivi:

"KUH: MALALAMIKO YA UBAGUZI NA KUNYANYASWA KAZINI. Naandika kwa uchungu mwingi kukujulisha kwamba tangu nirudi kutoka likizo nimedhalilishwa mbele ya wafanyakazi wenzangu na kunyang'anywa kazi yangu pasipo sababu. Kwa hivyo naomba kikao cha faragha kabla sijachukua hatua zaidi za kisheria..."

Nakala inaenda kwa mkurugenzi, idara ya wafanyakazi na mhasibu mkuu. Niipeleke hivi ilivyo?

Jogoo wa Kondele
Dada, usiombe mtu kikao. Hiyo inaitwa kulazimishwa kujiuzulu. Andika barua ya kuacha kazi leo, nenda Mahakama ya Kazi hapo hapo Kisumu, ulipwe mishahara ya miezi 12. Binamu yangu alifanya hivyo.

Meneja Fulani Nakuru
Nimesimamia watu miaka mingi, nimepokea barua za aina hii, na nitakwambia vile zinavyosomwa upande wa pili wa meza. Jicho linaanza na kichwa cha barua, linashuka moja kwa moja hadi chini kuona nakala zimeenda kwa nani. Nikiona "ubaguzi" pale juu na majina matatu pale chini, mimi sikuiti tena. Naipiga picha, natuma kwa idara ya wafanyakazi, nao wanampigia wakili. Kuanzia hapo kila neno utakaloambiwa litakuwa limeandaliwa. Umesema kikao cha faragha halafu ukaalika watu watatu wasome kabla yake, sasa faragha iko wapi?

Na kuna jambo jingine usilolijua bado: inawezekana bosi wako mwenyewe hakuamua. Labda mkurugenzi alimpenda huyo kijana, labda wanataka kupunguza nafasi moja, labda ni uzembe tu, kwamba kijana alizoea na hakuna aliyejisumbua kumwondoa. Haya matatu yana majibu tofauti kabisa. Barua yako imeshachagua moja.

Mwalimu wa Bondo
Pole sana. Hata mimi nilihamishwa shule bila kuulizwa, kutoka karibu na nyumbani hadi ng'ambo ya kaunti, na nilipoandika rufaa nikaambiwa mahitaji ya huduma ndiyo yanayoamua. Wewe umepewa muda gani wa kuripoti kituo kipya?

Mama Wawili Mamboleo
Mwalimu, sijahamishwa. Niko ofisi ileile, hata kiti ni kilekile. Kazi ndiyo imeondoka.

Mzee wa Faili
Nilikaa ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda kimoja upande huu wa magharibi mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitasema kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Kijana wa Kondele amegusa jambo la kweli akaliharibu. Ni kweli mwajiri akivunja mkataba kwa namna nzito, mfanyakazi akaondoka kwa sababu hiyo, mahakama inaweza kulihesabu kama kufutwa. Mahakama ya Rufaa ilieleza vigezo vyake mwaka 2015. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wa mfanyakazi, na lazima aonyeshe kwamba uvunjaji huo ndio uliomwondoa, wala hakuukubali kwa kukaa nao kimya. Na miezi 12 ni kikomo cha juu cha fidia. Hakimu anaweza kukupa miwili. Mtu anayejiuzulu kabla hata ya kuuliza "kwani kazi yangu iko wapi?" anamrahisishia sana wakili wa kampuni.

Ndiyo maana barua ya kuomba kikao ina maana kuliko inavyoonekana. Bosi akikurudishia kazi, mambo yameisha. Asipokurudishia, umeacha alama yenye tarehe kwamba hukukubali mabadiliko. Kwa hiyo iandike ukijua inasomwa na watu wawili: bosi wako leo, na mtu asiyekujua ambaye huenda akaisoma baada ya miaka miwili. Wote wawili wanahitaji kitu kimoja, yaani nini kilikuwa kwako, nini hakipo tena, tangu lini. "Nimedhalilishwa" haiwaambii lolote.

Sasa nina maswali. Mkataba wako unaorodhesha kazi zako? Na hebu toa pesilipu ya Aprili uiweke kando ya ile ya Septemba. Nini kimebadilika?

Nyar Kano
Mimi naona mnamtuma dada yetu pabaya. Kuingia ofisi ya mwanamume peke yako, mlango umefungwa, mkazungumza mambo ambayo hakuna mwingine ameyasikia! Kesho atasema ulimtukana. Aombe kikao, sawa, lakini aende na mtu.

Mama Wawili Mamboleo
Mzee, mkataba unao orodha. Kazi saba, na ya mwisho ni "kazi nyingine yoyote utakayopewa na msimamizi wako". Hapo ndipo naogopa, maana kupanga karatasi kunaweza kuingia humo.

Pesilipu nimetoa. Mshahara ni uleule kabisa. Ila... kulikuwa na Sh1,500 za simu kila mwezi kwa sababu ya kupigia wasambazaji. Agosti haipo, Septemba haipo. Kusema kweli sikuitilia maanani.

Mzee wa Faili
Basi hiyo Sh1,500 ni yenye thamani kuliko zile kurasa mbili. Kwa ukubwa ni pesa kidogo. Uzuri wake ni kwamba mtu mmoja aliketi akaiondoa kwenye malipo. Kusahau kumwondoa kijana kunawezekana. Kusahau hakuondoi marupurupu kwenye pesilipu. Kuna mahali mtu alitoa maagizo kwamba wewe si afisa ununuzi tena kwa kazi, na hakukuandikia.

Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mambo kama maelezo ya kazi na malipo yawe kwa maandishi, na yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Halafu kifungu cha 29, kile cha miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye mshahara kamili, kinaendelea mbele kidogo ambapo wengi hawasomi: akirudi, mama ana haki ya kurudi kwenye kazi aliyokuwa nayo kabla ya likizo, au kazi inayomfaa kwa kiasi, kwa masharti yasiyopungua yale ya kwanza.

Kuhusu "kazi nyingine yoyote". Kifungu hicho cha mkataba kimewekwa ili ukiombwa kusaidia kuhesabu stoo Desemba usiseme si kazi yako. Kinaongeza kazi ya nane juu ya zile saba. Kwamba kinaweza pia kufuta zile saba, kampuni itajaribu kusema hivyo, na sikufichi, inategemea mkataba mzima na nani anausoma. Lakini wewe usiibishanie kwenye barua.

Jogoo wa Kondele
Sawa mzee, lakini barua bila vitisho nani atajali? Angalau aweke kichwa "bila kuathiri haki" waogope.

Mzee wa Faili
La, kichwa hicho ndicho asikiweke kabisa! Maneno hayo ni ya mazungumzo ya kutafuta suluhu, na mara nyingi barua iliyobeba maneno hayo haikubaliwi kutolewa mahakamani kama ushahidi. Wewe unataka barua hii ionekane. Watu huibandika kila mahali wakidhani ni ngao.

Vifungu vya sheria pia avijue tu kichwani, asiviandike. Si kwenye barua ya kwanza.

Meneja Fulani Nakuru
Naunga mkono. Barua isizidi nusu ukurasa. Nikipokea nusu ukurasa, kichwa "Ombi la kikao kuhusu majukumu yangu", nakuita wiki hiyohiyo, kwa sababu kukataa kutaonekana vibaya kwangu. Taja saa mbili tofauti nichague. Ukiandika "wakati wowote ukipata nafasi" sitapata nafasi.

Kitu kingine: usimtaje yule kijana kwa jina. Ukimtaja, kikao kitageuka kuwa mjadala wa nani bora kati yenu, na yeye ndiye aliye na takwimu za miezi mitatu iliyopita.

Nyar Kano
Na uzazi je? Mtu amerudi kutoka kujifungua akakuta kiti kimekaliwa, mnataka aandike kana kwamba alikuwa safarini? Bosi mwenyewe amesema kwa mdomo wake "mtoto bado mdogo".

Meneja Fulani Nakuru
Ukitaja uzazi kwenye barua ya kwanza, atajilinda. Taja tarehe tu.

Mzee wa Faili
Hapa sitakubaliana na meneja moja kwa moja, wala na Nyar Kano. Maneno "niliporejea kutoka likizo ya uzazi tarehe 4 Agosti" ni ukweli mtupu, hayamshutumu mtu, na bila hayo msomaji wa pili hatajua mabadiliko yalianzia wapi. Mimi ningeyaweka. Lakini ile kauli ya "mtoto bado mdogo" ningeiacha nje, niiandike kwenye daftari langu nyumbani: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo. Inaweza kuwa nzito baadaye, na inaweza kuwa bosi alikuwa anajaribu kuwa na huruma kwa njia mbaya. Kikao ndicho kitakachokuonyesha.

Nyar Kano
Huruma ya kunikata Sh1,500? Asante, sitaki.

Mama Wawili Mamboleo
Nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hii, Nyar Kano.

Nimeiandika upya. Ofisini nitaitoa kwa Kiingereza, hapa nawawekea kwa Kiswahili:

"6 Oktoba 2025

Kwa Meneja wa Shughuli

KUH: OMBI LA KIKAO CHA FARAGHA KUHUSU MAJUKUMU YANGU

Naomba nafasi ya kuzungumza nawe faraghani, kwa takriban nusu saa, kuhusu majukumu yangu kama afisa ununuzi.

Niliporejea kutoka likizo ya uzazi tarehe 4 Agosti, nilitarajia kuendelea na kazi zilizo kwenye mkataba wangu. Tangu siku hiyo sijatoa oda kwa wasambazaji, sijafanya ulinganisho wa hesabu wa mwisho wa mwezi, wala kusimamia makarani wa stoo. Idhini yangu kwenye mfumo wa oda ni ya kuona tu. Aidha, marupurupu ya simu ya Sh1,500 hayamo kwenye malipo yangu ya Agosti na Septemba. Sijapokea maelezo ya mabadiliko haya, na sikuyaomba.

Ningependa kuelewa sababu zake, kama ni ya muda au ya kudumu, na lini nitarejea kwenye majukumu yangu. Niko tayari kukabidhiwa kazi hatua kwa hatua, nikianza na ulinganisho wa hesabu wa Oktoba.

Naweza kufika ofisini kwako Jumatano tarehe 8 saa nne asubuhi, au Alhamisi tarehe 9 saa tisa alasiri. Tafadhali nijulishe ni ipi inakufaa.

Wako mwaminifu"

Ijumaa sikuiweka maana tarehe 10 ni sikukuu.

Mzee wa Faili
Hii ni barua. "Na sikuyaomba" ni maneno mawili yanayofanya kazi kubwa, usiyatoe hata mtu akikushauri. Na hapo mwisho umempa mlango wa kutokea: akubali ulinganisho wa Oktoba, asionekane ameshindwa. Kama mkurugenzi ndiye aliyeamua, bosi wako sasa ana kitu kidogo cha kwenda kumwomba.

Itume kwa barua pepe ya kazini, uchapishe nakala ukae nayo nyumbani pamoja na mkataba na pesilipu zako. Hizo ni zako. Lakini ole wako ukianza kujitumia orodha za wasambazaji na bei za kampuni kwenye barua pepe yako binafsi eti ni ushahidi. Nimeona mtu mwenye malalamiko ya haki kabisa akifutwa kwa kosa hilo, na lile la kwanza halikusikilizwa tena.

Jogoo wa Kondele
Kwenye kikao arekodi na simu?

Meneja Fulani Nakuru
Nikigundua unanirekodi kisiri, imani imeisha hapo.

Mzee wa Faili
Hahitaji. Aingie na kalamu na karatasi, aandike waziwazi. Jioni ileile atume mistari minne: asante kwa muda wako, nilivyoelewa ni kwamba nitarudishiwa hiki tarehe hii, kile bado kinasubiri uamuzi wa fulani, kama nimeelewa vibaya tafadhali nisahihishe. Mtu akinyamaza baada ya kupokea hiyo, kunyamaza kwake kunasema jambo. Na hilo linajibu hofu ya Nyar Kano pia, angalau nusu yake.

Asipojibu ombi lenyewe, ngoja wiki moja, kumbusha kwa mstari mmoja juu ya barua pepe ileile. Baada ya hapo ndipo idara ya wafanyakazi inaingia, kwa kufuata utaratibu wa malalamiko ulio kwenye kitabu cha wafanyakazi. Afisa wa leba wa kaunti yuko baada ya hapo.

Nyar Kano
Nusu yake, ndiyo. Mimi bado ningeenda na mtu.

Mwalimu wa Bondo
Kwa hiyo kwa upande wangu, marupurupu ya nyumba yakibadilika kwa sababu ya kuhamishwa, na hayo nidai vilevile?

Mzee wa Faili
Mwalimu, yako ni ya mwajiri mwingine na kanuni zake. Fungua uzi wako, uambatishe barua ya uhamisho, tutaisoma.

Mama Wawili Mamboleo
Nimetuma jana asubuhi. Jibu limekuja leo, nalinukuu: "Sawa. Alhamisi saa tisa. Afisa wa idara ya wafanyakazi atakuwepo."

Mimi niliomba faragha. Sasa huyu wa tatu anatoka wapi? Nikatae?

Jogoo wa Kondele
Wanakufuta hao. Ndio mchezo wao.

Meneja Fulani Nakuru
Si lazima. Mimi pia ningemwita, hasa baada ya kuona suala la pesilipu, kwa sababu siwezi kulijibu peke yangu. Marupurupu yanarudishwa na wao. Inawezekana ni habari njema.

Mzee wa Faili
Inawezekana, na inawezekana si njema. Usikatae, ukikataa itaandikwa kwamba ulikataa kikao ulichokiomba mwenyewe. Jibu leo: "Asante. Nitafika. Kwa kuwa afisa wa idara ya wafanyakazi atakuwepo, naomba kujulishwa ajenda ya kikao, na kama ninaweza kuja na mwenzangu mmoja wa kazini." Kikao kikiwa cha nidhamu, sheria inakupa haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako unayemchagua, na jibu lao litakuonyesha wao wenyewe wanakiita kikao gani. Wakikuwekea karatasi mezani ya kusaini, iwe makubaliano au cheo kipya, sema utaisoma nyumbani.

Nyar Kano
Si nilisema aende na mtu?

Mama Wawili Mamboleo
Nimetuma hayo maneno. Mwenzangu wa uhasibu amekubali kuja nami wakiruhusu, ingawa naona anaogopa. Ajenda bado hawajajibu. Mzee, wakiniambia nafasi yangu imeunganishwa na ya kijana, nafasi moja imefutwa, hapo niulize nini kwanza?

Mzee wa Faili
Uliza tarehe ya uamuzi huo, na uombe waliloandika. Kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake: notisi ya mwezi mmoja kwa afisa wa leba na kwako, au kwa chama badala yako ikiwa wewe ni mwanachama, vigezo vya nani abaki, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Hayaamuliwi kimya kimya ukiwa likizo. Lakini usiwafundishe pale mezani. Uliza tarehe, andika jibu, nyamaza.